Ukali wa Kitunguu Unazaliwa Kwenye Kisu

Kitunguu kizima hakinuki. Kiokote sokoni, kisogeze puani, utakachosikia ni vumbi la shamba na ganda kavu. Kikate vipande viwili, na hata hujamaliza kumenya, macho yameshaanza kuwasha. Wengi hudhani ule ukali ulikuwa umejificha ndani ukingoja kutoka. Sivyo. Mvuke unaoliza watu haukuwamo kitunguuni dakika moja iliyopita. Umetengenezwa pale pale, kisu kilipopita. Anayelijua hilo anajua pia mahali pa kuuzuia, na anajua kwa nini kitunguu cha shamba hili kinauma ulimi ilhali cha shamba la pili unaweza kukitafuna kibichi.

Kila chembe hai ya kitunguu ni kama nyumba yenye vyumba viwili visivyo na mlango kati yake. Chumba kimoja kina malighafi: viini vyenye salfa ambavyo mmea umevijenga kutokana na udongo. Peke yake malighafi hiyo haina harufu wala haiwashi. Chumba cha pili kina kimeng'enya kinachoitwa aliinezi, ambacho kazi yake ni kuikata malighafi hiyo vipande. Kitunguu kikiwa kizima, viwili hivi havikutani. Kisu kinapopasua kuta, vinachanganyika, na ndani ya sekunde chache malighafi inavunjika na kuzaa asidi isiyotulia, ambayo hugeuka upesi kuwa vitu vingine. Baadhi ya vitu hivyo ndivyo vinavyotupa ladha na harufu ya kitunguu. Kingine ni mvuke mwepesi unaopaa moja kwa moja kuelekea usoni.

Mvuke huo unapofika kwenye unyevu wa jicho, neva za konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, huuhisi kama hatari na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Tezi za machozi zinafunguliwa ili kuusafisha. Jicho halijaumia, linajiosha. Kinachozidisha taabu ni kulifikicha kwa vidole vilivyolowa maji ya kitunguu, kwa sababu hapo unaliongezea kile kile linachojaribu kukitoa.

Kwa miaka mingi wanasayansi waliamini kwamba aliinezi peke yake ndiyo inayozaa mvuke wa machozi. Mwaka 2002 watafiti wa kampuni ya vyakula ya House Foods ya Japani walionyesha kwamba kuna mfanyakazi wa pili. Walikuwa wakichunguza jambo jingine kabisa, yaani kwa nini mchanganyiko wa vitunguu maji na vitunguu saumu hubadilika rangi na kuwa kijani unapotengenezwa viungo vya mchuzi. Katika kuchunguza wakakuta kimeng'enya kingine ambacho huidaka ile asidi isiyotulia na kuigeuza mvuke wa machozi. Kisipokuwepo, asidi ile ile huelekea upande wa ladha. Utafiti huo ulichapishwa katika jarida la Nature. Unaeleza pia jambo ambalo kila mpishi amewahi kulishangaa: kitunguu saumu kina aliinezi na kinanuka kuliko kitunguu maji, lakini ukikitwanga huliii. Malighafi yake ya salfa ni ya aina nyingine, na ile njia ya kuelekea kwenye mvuke wa machozi haina.

Sasa turudi jikoni. Kama ukali unazaliwa chembe zinapopasuka, basi swali la kwanza ni chembe ngapi unazipasua, na hapo kisu kina neno kuliko mbinu nyingine yoyote. Kisu kikali hupita katikati ya chembe chache na kuziacha jirani zake salama. Kisu butu hakikati, kinaponda. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walipiga picha za kasi kubwa kisu kikiingia kitunguuni, wakaona jambo ambalo macho ya kawaida hayawezi kuliona. Kila tabaka la kitunguu lina utando mgumu juu yake. Kisu butu kinaubonyeza utando huo mpaka shinikizo linajaa chini yake, na unapopasuka hatimaye, maji ya kitunguu yanaruka juu kwa nguvu kama ukungu wa matone madogo sana. Kisu kikali kinaufungua mapema, kabla shinikizo halijajaa. Walikuta pia kwamba kukata kwa kasi huongeza matone, na kukata polepole huyapunguza. Yule anayekatakata kwa haraka ili amalize kabla macho hayajawasha, na kisu chake hakijanolewa tangu mwezi uliopita, anajitengenezea mateso mwenyewe.

Utajuaje kwamba kisu chako ni butu? Kiweke juu ya ganda la nyanya iliyoiva bila kukikandamiza, kivute kidogo. Kikiteleza au kikiibonyeza nyanya ndipo ganda lipasuke, kinahitaji jiwe la kunolea. Na ubao ukibaki umelowa maji meupe baada ya kitunguu kimoja tu, hayo ni maji ya chembe zilizopondwa.

Jambo la pili ni muda. Mvuke wa machozi haufiki kileleni papo hapo. Hufika karibu sekunde 30 baada ya chembe kupasuliwa, kisha hupungua na kuisha kwa kadiri ya dakika tano. Ndiyo maana kitunguu cha kwanza humwacha mtu akijiona shujaa, cha tatu kikamliza: anakata cha tatu huku vipande vya viwili vya kwanza vimelundikana mbele yake vikitoa mvuke. Dawa yake ni rahisi. Kila ukimaliza kitunguu kimoja, tia vipande kwenye bakuli lenye mfuniko na ulisogeze mbali. Nusu unayoisubirisha ilaze kwenye ubao, upande uliokatwa ukiwa chini. Kitako chenye mizizi kiache mpaka mwisho, kwa kuwa sehemu ya chini na matabaka ya ndani huwa makali kuliko ya juu na ya nje. Zaidi ya hayo, kitako ndicho kinachoshikilia matabaka yasifumuke mikononi unapokata.

Jambo la tatu ni hewa. Mvuke huu ni mwepesi na unafuata upepo. Feni ndogo iliyowekwa pembeni, ikiupeleka mvuke upande ambao wewe hupo, inafanya kazi kuliko imani nyingi za jikoni. Mama lishe anayekatia vitunguu uani, upepo ukimpiga mgongoni, anafanya jambo hilo hilo bila feni. Ila asiinamie ubao, maana uso ukiwa juu kabisa ya kitunguu, upepo hauna nafasi ya kukusaidia.

Kuna mbinu nyingine ambazo watu hupeana. Kushika kipande cha mkate mdomoni, kung'ata njiti ya kiberiti, kuweka kijiko kati ya meno: sijaona sababu ya kuziamini, kwa kuwa hakuna hata moja inayosimama kati ya mvuke na jicho. Kukatia ndani ya beseni la maji kunazuia mvuke kweli, lakini kitunguu kinateleza na kisu hakionekani vizuri, na mimi siwezi kumshauri mtu auze kidole chake ili aokoe machozi. Miwani inayoziba pembeni, kama ya waogeleaji au ya mafundi wa kuchomelea, inafaa sana kwa anayekata kilo nyingi za vitunguu vya harusi.

Friji ina mjadala wake. Ubaridi hupunguza kasi ya vimeng'enya na kasi ya mvuke kupaa, na hiyo ndiyo sababu ya wengi kuweka kitunguu kwenye friji nusu saa kabla ya kukikata. Lakini wale watafiti wa Cornell walipojaribu vitunguu vilivyolala kwenye friji waliona matone yakiruka mengi zaidi kuliko kwenye vitunguu visivyopozwa. Kwa hiyo ubaridi unapunguza upande mmoja na kuongeza upande mwingine. Ningemwambia mtu anoe kisu kwanza, friji aiache.

Joto ni habari nyingine. Joto kali huviua vimeng'enya. Kitunguu kilichochemshwa kizima kisha kikakatwa hakilizi mtu, kwa sababu malighafi ipo lakini wa kuivunja hayupo. Ndiyo maana pia vitunguu vikishakaangwa dakika chache, jiko zima linanukia vizuri na hakuna anayelia tena.

Kwenye kachumbari huwezi kutumia joto, na hapo ndipo akina mama wa pwani wanapofanya kazi nzuri kabisa. Vitunguu vinakatwa vyembamba, vinanyunyiziwa chumvi, vinafikichwa taratibu kwa mkono, vinaachwa kidogo, kisha vinaoshwa na kukamuliwa. Kila hatua ina sababu yake. Kukata vyembamba kumeshafungua chembe, kwa hiyo ukali umeshazaliwa. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye vipande, na maji hayo yanatoka pamoja na vitu vikali, ambavyo vingi vinayeyuka kwenye maji. Kuosha kunavichukua. Kwa vitunguu vitatu vya wastani kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha, na dakika tano hadi kumi zinatosha kusubiri. Ukizidisha muda, vipande vinalegea na kupoteza ule mlio wa kutafuna. Osha kwa maji baridi mara mbili, onja kipande, na kama bado kinauma, osha ya tatu. Ndimu, pilipili na nyanya vinakuja baada ya kukamua, la sivyo utavimwaga pamoja na maji. Anayekata kwa kufuata urefu wa kitunguu, kutoka shingoni kwenda kwenye kitako, anapasua chembe chache kuliko anayekata pete kwa kukingama, hivyo kachumbari yake huanza ikiwa na ukali mdogo.

Lakini kuna vitunguu ambavyo utaviosha mara tatu na bado vitauma, na vingine havihitaji kuoshwa kabisa. Hapa tunatoka jikoni, tunakwenda shambani.

Watu husema kitunguu fulani ni kitamu kwa sababu kina sukari nyingi. Mara nyingi ukweli ni kinyume. Vitunguu vinavyoitwa vitamu huwa vimejaa maji, yanayozidi asilimia 90 ya uzito wake, na sukari yake kwa jumla haiwi nyingi kuliko ya vitunguu vikali. Kitunguu kikali na kigumu cha kuhifadhi kina maji machache, na ndani yake kuna akiba kubwa ya sukari, ingawa sehemu yake imefungwa kwenye minyororo mirefu ambayo ulimi hauitambui kama utamu. Tofauti kubwa iko kwenye salfa. Utamu wa kitunguu laini ni utamu mdogo usiofunikwa na kitu. Ule wa kitunguu kikali upo, ila ukali unaukandamiza.

Maabara hupima ukali kwa njia isiyo ya moja kwa moja, iliyoanza kutumika mwaka 1961. Kila aliinezi inapovunja malighafi, inabaki asidi iitwayo piruviki. Kitunguu kinasagwa, asidi hiyo inapimwa, na kiasi chake kinaonyesha ni malighafi kiasi gani imevunjwa. Vitunguu vinavyouzwa kwa jina la vitamu kwa kawaida huwa chini ya mikromoli 5 kwa gramu, na vile vikali huvuka 7 kwa urahisi. Rangi haimo kwenye hesabu hii. Wekundu wa ganda unatokana na kemikali za rangi ambazo hazihusiani na salfa. Kuna vitunguu vyekundu vya upole na vyeupe vinavyowasha kama pilipili.

Mbegu ndiyo inayoamua mpaka wa kwanza. Red Creole, ambayo wakulima wengi wa Kenya na Tanzania wanaijua kwa umbo lake bapa na nyama yake iliyoshikana, ni kali na inakaa muda mrefu ghalani. Bombay Red nayo iko upande huo. Texas Grano, ya rangi ya manjano na mviringo mkubwa, ina maji mengi na upole, lakini haivumilii kukaa. Tabia hizi huenda pamoja: kitunguu chenye maji machache na salfa nyingi hudumu, na cha maji mengi huoza upesi. Kitunguu cha Mang'ola, kinachomwagiliwa kwa maji ya chemchemi karibu na Ziwa Eyasi, lazima kiwe na uwezo wa kufika Arusha, kuvuka Namanga na kukaa kwenye magunia kabla ya kumfikia mlaji. Soko letu limejaa vitunguu vikali kwa sababu hiyo, na si kwa sababu wakulima wameshindwa kulima vya upole.

Mpaka wa pili unawekwa na udongo. Mmea hauwezi kujenga malighafi ya salfa kama salfa haipo ardhini. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa jimbo la Georgia, Marekani. Mwaka 1931 mkulima Mose Coleman wa wilaya ya Toombs alivuna vitunguu akashangaa kukuta haviwashi. Mbegu ilichangia, lakini udongo wa sehemu ile ni wa kichanga na mvua imeosha salfa yake. Vitunguu hivyo vikapata jina la mji wa jirani, Vidalia, na tangu mwaka 1986 sheria ya jimbo inaruhusu jina hilo litumike tu kwa vitunguu vilivyolimwa katika eneo maalumu. Mbegu ile ile ikipandwa kwenye udongo wenye salfa nyingi hutoa kitunguu kinachouma.

Mkulima wetu anaweza kulibadilisha jambo hili kwa mbolea, na mara nyingi analibadilisha bila kujua. Chukua mfano wa majirani wawili wenye mbegu moja na mfereji mmoja. Wa kwanza anakuzia kwa SA, yaani salfeti ya amonia. Mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 10.5, lakini pia una salfa kilo 12. Wa pili anataka naitrojeni kiasi hicho hicho, anatumia yurea, ambayo ina naitrojeni asilimia 46. Kilo 23 zinamtosha, na ndani yake hamna salfa hata kidogo. Wakirudia hivyo msimu mzima kwenye udongo wa kichanga, wa kwanza amelisha vitunguu vyake malighafi ya ukali na wa pili amewanyima. Mteja wa kachumbari atapenda vya wa pili. Dalali anayetaka kuhifadhi atapenda vya wa kwanza.

Ila wa pili asivuke mpaka. Kitunguu kinahitaji salfa ili kikue. Ikikosekana kabisa, majani machanga ndiyo huanza kuwa ya njano, na vitunguu vinatoka vidogo. Ukiona njano imeanzia kwenye majani ya zamani, huo kwa kawaida ni upungufu wa naitrojeni, si wa salfa. Mkulima wa kwanza naye asisahau kwamba SA ikitumika miaka mfululizo huongeza uchachu wa udongo, kwa hiyo upimaji wa udongo ni jambo la kufanya, si la kukisia.

Maji na jua humalizia kazi. Shamba lililopata kiu vitunguu vikiwa vinajaza hutoa vitunguu vidogo na vikali, na joto kali hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana aina moja inaweza kukuliza msimu huu na kukuonea huruma msimu ujao, hata kama muuzaji ni yule yule na gunia limetoka kijiji kile kile.

Sokoni, basi, usiulize rangi. Kishike mkononi na ukibonye. Kitunguu chenye shingo nyembamba iliyokauka kabisa, maganda mengi yanayochakarika na mwili mgumu ni cha kuhifadhi, na huenda ni kikali. Chenye ganda jembamba, mwili mkubwa na shingo nene kidogo kina maji mengi; kinunue cha kula wiki hii, kibichi. Kwa pilau nunua kile kikali. Maji yake machache yanaondoka haraka kwenye mafuta, ukali unapotea na joto katika dakika za mwanzo, na ile akiba ya sukari inabaki sufuriani ikigeuka rangi ya kahawia. Kitunguu laini ukikitia kwenye mafuta yale yale kitachemka ndani ya maji yake kwa muda mrefu, kilegee, na rangi ya pilau itabaki hafifu hata ukiongeza moto.